Saa nane mchana, siku ya pili: kuuamsha ukumbi kwa dakika nne

Kwenye mkutano wa siku tatu, saa ambayo hakuna anayeigombania ni saa nane mchana ya siku ya pili. Asubuhi ya kwanza ina mgeni rasmi na kamera. Jioni ya mwisho watu wanawaza vyeti, posho na basi la kurudi. Saa nane ya katikati huachiwa mshereheshaji yeyote aliyepo, na kwa miaka kadhaa sasa kwenye mikutano ya kilimo aliyepo huwa ni mimi.

Mwongozo huu unahusu dakika nne tu, kuanzia maiki inapowashwa baada ya chakula hadi mtoa mada anapofungua kinywa. Nitaueleza kwa kikao kimoja nilichokiongoza Morogoro. Walikuwa wadau wa nafaka kama 160: wakulima, wasindikaji, maafisa ugani na watu wa maghala. Mada ilikuwa sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu kwenye mahindi, na mtoa mada alikuwa mtaalamu wa maabara, mpole wa sauti, mwenye slaidi 34.

Ujue unapambana na nini

Lawama zote huangukia pilau. Pilau ina mchango wake, maana mlo mkubwa wenye wanga na mafuta mengi huongeza uzito wa macho. Lakini mwili una saa yake yenyewe, na kati ya saa saba na saa kumi mchana uchangamfu hushuka hata kwa mtu ambaye hakula kitu. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani aliyefunga naye husinzia saa hizo hizo. Juu ya hapo weka ukumbi uliofungwa milango, taa zilizozimwa ili slaidi zionekane, na pumzi za watu 160. Siku ya pili inaongeza la kwake: watu wamelala kitanda cha ugenini, na wengine hawakulala, walikuwa wakipiga soga na wenzao ambao hawajaonana nao tangu mwaka jana.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba dakika zako nne zitafukuza usingizi wa saa nzima. Haziwezi. Kwa uzoefu wangu mtu akisimama, akasema neno na akacheka kidogo, unapata kama robo saa ya macho makavu, kisha mwili unadai chake. Kazi yako basi ni mbili. Ya kwanza ni kuipata hiyo robo saa. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kuacha jambo moja halijaisha, kitu ambacho ukumbi unakidai na mtoa mada ndiye atakayekilipa. Mimi naliita deni. Kichangamsho kisicho na deni humaliza nguvu yake pale pale: watu wanaruka, wanacheka, wanaketi, na dakika ya tatu ya mada vichwa vinaanza kuinama.

Kabla watu hawajaenda kula

Nusu ya kazi hufanyika wakati hakuna anayekuangalia.

Anza na mpishi. Mikutano mingi huweka chai na kahawa saa kumi, baada ya vita kuisha. Kahawa huchukua kama nusu saa kabla haijaanza kusaidia, kwa hiyo omba birika zitoke saa saba na nusu, watu wamalizie chakula na kikombe mkononi. Mpishi atasema ratiba inasema saa kumi. Mwambie saa kumi zitoke tena, hata zikiwa nusu.

Kisha ukumbi. Wakati watu wanakula, fungua milango na madirisha yote hewa ipite. Kama kuna kiyoyozi, kiwashe mapema, maana kukiwasha watu wakishaketi ni kuchelewa. Taa zote ziwake na skrini ikae tupu. Ondoa safu mbili za viti vya nyuma. Usiwaombe watu wasogee mbele, hawatasogea, na utakuwa umetumia dakika yako ya kwanza kubembeleza. Viti visipokuwepo hakuna mjadala.

La tatu ni mtoa mada. Mtafute mapema, mketi pembeni, umuulize maswali mawili tu: "Ni jambo gani watu hukosea kila siku katika hili?" na "Je, kuna kitu tunachoweza kukishika mkononi?" Wasifu wake utaupata kwenye karatasi, usipoteze muda nao. Hakikisha tu unajua jina linavyotamkwa na anavyopenda kuitwa, Daktari, Profesa au Bi tu.

Mtaalamu wetu wa maabara alijibu swali la kwanza bila kufikiri: watu hudhani mahindi wakiyaangalia kwa macho, au wakiyang'ata, watajua kama yamekauka. La pili alicheka kwanza. Kisha akasema, "Ipo ile ya chumvi na chupa."

Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Kipimo cha chumvi ni hiki: unachukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iliyokauka kabisa, ile ya maji ya nusu lita inatosha. Unatia mahindi kama robo ya chupa, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unafunga kizibo na kuitikisa dakika moja au mbili. Unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, zaidi ya asilimia 15 hivi. Isipoganda, yako chini ya hapo. Ona jinsi kipimo chenyewe kilivyokuja na deni lake: jibu halipatikani papo hapo, linahitaji robo saa.

Tukaandaa chupa mbili, moja ya mahindi makavu na nyingine ya mahindi yaliyonyunyiziwa maji jioni iliyotangulia, yakafungwa kwenye mfuko usiku kucha, kisha yakafutwa asubuhi ili kwa macho yasionyeshe tofauti. Chupa ya kwanza tukaibandika karatasi nyekundu, ya pili njano.

Hapa nikupe onyo lililonigharimu. Mara ya kwanza kutumia kipimo hiki, kwenye ukumbi mmoja wa mji wa pwani, chumvi ilikuwa imekaa wazi mezani tangu asubuhi. Hewa ya pwani ikaifanya kazi yake. Chupa zote mbili ziliganda, kavu na mbichi, na mtoa mada akabaki kunitazama kama vile nimempaka masizi usoni. Tangu siku hiyo chumvi naikaanga kwenye kikaango kikavu, naiacha ipoe, naifunga kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana na siifungui mpaka jukwaani. Na kabla ya chakula nafanya jaribio zima mara moja na chupa nyingine mbili. Kitu chochote utakachokionyesha mbele za watu, kifanye kwanza peke yako, ukumbi huo huo, siku hiyo hiyo.

Kuanza bila kungoja

Dakika kumi kabla ya saa nane washa muziki usio na maneno mengi. Uwe ule ule siku zote tatu, ili watu waujue kama wanavyoijua kengele ya shule. Saa nane kamili upunguze taratibu mpaka uzimike, na uanze hata kama waliopo ni hamsini. Ukiwangoja waliochelewa, unawaadhibu waliowahi, na kesho hao nao watachelewa. Waliobaki nje wakisikia kicheko watakimbilia ndani wenyewe.

Kuna la itifaki. Kama ukumbini yumo mheshimiwa, kumtaja yeye, kisha wakurugenzi, kisha wawakilishi, ni dakika tatu zimekwenda. Itifaki kamili hutosha asubuhi. Mchana sema "Itifaki imezingatiwa" na uendelee. Ila umwombe radhi mheshimiwa mwenyewe kabla, mezani pale anapokula. Sijawahi kukataliwa, na mmoja aliniambia ananishukuru.

Dakika nne zenyewe

Dakika ya kwanza ni ya sauti na miguu. Usiseme "habari za mchana", ukumbi utajibu "nzuri" kwa sauti ya wagonjwa. Usiseme "amkeni", hakuna mtu mzima anayependa kuambiwa amesinzia. Usitanie chakula, kila mshereheshaji aliyewahi kushika maiki baada ya mlo ameshatania chakula. Tumia kitu ambacho mdomo wa msikilizaji unakijibu kabla akili haijaamua. Sisi tunacho tangu utotoni:

— Kitendawili!

Morogoro walijibu robo ya ukumbi. Nikanyamaza, nikahesabu mpaka tatu moyoni, nikarudia vile vile bila kupandisha sauti.

— Kitendawili!

— Tega!

Hapo walijibu wote. Ukimya ule wa kuhesabu tatu ndio unaofanya kazi, si kelele. Nikaendelea: "Anayeweza, asimame, kitendawili hiki hakiteguliwi kwa kukaa." Neno "anayeweza" usiliache. Kuna wazee, wajawazito, wenye magongo na wenye viti vya magurudumu, na hakuna kati yao anayetaka kueleza mbele ya watu kwa nini amekaa. Kusimama kunatosha kabisa. Misuli ya miguu inasukuma damu, moyo unaongeza kasi kidogo, na huna haja ya kumfanya mkurugenzi mwenye suti acheze kama yuko harusini.

Dakika ya pili ni ya kitendawili chenyewe. Nilikitunga asubuhi ile, na huwa natunga kipya kwa kila mada, kwa sababu vya zamani kila mtu anavijua. "Mgeni wangu ghalani: haonekani, hanuki, na moto wa jiko haumtishi." Kisha nikasema wamwambie jirani jibu kabla ya kuniambia mimi. Sekunde ishirini. Ukumbi ukavuma. Usiiruke hatua hii ya jirani. Mtu anayesikiliza anaweza kusinzia, anayezungumza hawezi, na katika sekunde hizo watu 160 wanazungumza badala ya mmoja.

— Panya! akasema mmoja.

— Panya ananuka.

— Dumuzi!

— Dumuzi tunamwona, na unga wake tunauona.

Nikaona mkono wa afisa ugani umeinuka, anajua huyo. Nikamkwepa kwa makusudi, nikageukia upande wa wakulima: "Mmeshindwa? Nipeni mji!" Mama mmoja wa safu ya nne akapaza sauti, "Chukua Dodoma!" Kicheko. "Nilikwenda Dodoma, nikala zabibu, nikalala pazuri. Jibu ni sumukuvu." Kanuni ya mchezo ni kwamba ukishapewa mji lazima ujibu, kwa hiyo kitendawili hakiwezi kuwa deni lako. Kazi yake ni kufungua midomo. Deni linakuja dakika ya tatu.

Dakika ya tatu niliinua chupa mbili. "Hii nyekundu na hii njano, mahindi ya aina moja. Moja ya kupeleka ghalani, nyingine ni ya kurudisha juani." Nikawapa watu wawili wa safu ya mbele, mmoja kila upande, wakayaangalia kwa karibu na kutikisa vichwa kwamba hawaoni tofauti. Nikatia chumvi na kufunga, nikawaambia watikise. Mahindi ndani ya chupa yanalia kama kayamba, na ukumbi wenyewe ukaanza kupiga makofi kufuata mdundo. Sikuwaomba. Wakati chupa zinatikiswa nikasema: "Anayedhani nyekundu ndiyo mbichi, ainue mkono wa kulia. Njano, wa kushoto." Kila mtu alichagua. Mtu akishainua mkono mbele ya jirani yake amejifunga, atataka kujua kama alipatia.

Kisha chupa zikawekwa mezani mbele, mahali zinapoonekana na wote, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa.

Dakika ya nne ni ya mtoa mada peke yake, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Usisome wasifu. Shahada zake ziko kwenye kabrasha. Sema mambo matatu: kwa nini jambo hili linawahusu wao, kwa nini yeye ndiye wa kulieleza, na lini deni litalipwa. Nilisema hivi, karibu neno kwa neno:

"Mwaka 2004, Mashariki mwa Kenya, mahindi ya aina hii yaliyohifadhiwa yakiwa bado na unyevu yaliua watu 125. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara tuliyaona yetu. Mtu huyu hupima mahindi kila wiki, na ameniambia macho yake mwenyewe hayaamini. Saa nane na dakika ishirini atazinyanyua chupa hizi. Karibu, Daktari."

Jina linakuja mwishoni, si mwanzoni, kwa sababu jina ndilo linaloita makofi, na makofi ndiyo yanayomtembeza mtu hadi jukwaani. Waliosimama waachie wasimame mpaka mtoa mada afike. Ukiwaketisha mapema, kuna mwanya wa sekunde kumi wa viti kuburuzwa na simu kutolewa, na mwanya huo unameza kila ulichojenga. Yeye mwenyewe ndiye awaambie "karibuni mketi". Tulikuwa tumekubaliana hivyo, pamoja na sentensi yake ya kwanza, iliyogusa chupa, si slaidi.

Mipaka ya jambo hili

Mshereheshaji asijifanye mtaalamu. Nilijizuia kusema kwamba chupa isiyoganda maana yake mahindi ni salama, kwa sababu si kweli. Kipimo cha chumvi kinakamata unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, ilhali mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa kushuka mpaka 13.5 au chini yake. Halafu mahindi yanaweza kuwa makavu leo na sumukuvu ikawa ilishaingia tangu shambani. Hayo aliyasema Daktari, na yalikuwa mwendo wake wa pili baada ya kunyanyua chupa: njano imeganda nyeupe, nyekundu safi, watu wanashangilia, naye anawaambia nyekundu nayo hawezi kuitia saini. Ukumbi ulikaa kimya kabisa. Ningelikuwa nimesema mimi dakika ya tatu, ningelikuwa nimemwibia.

Tahadhari nyingine zinajulikana lakini husahauliwa. Michezo ya kushikana mikono au kukandana mabega iache, wapo wanaume na wanawake wasiopenda kuguswa na mtu wasiyemjua, na wana haki. Mwitikio wa dini moja usiutumie kwenye ukumbi wa dini mbili, wala wa chama cha siasa kokote. Kama kuna wakalimani, wapelekee kitendawili na jibu lake wakati wa chakula, la sivyo nusu ya ukumbi watacheka na nusu watavua visikizi kuangalia kama vimeharibika.

Utajuaje kama imeshika? Usiangalie tabasamu, watu hutabasamu kwa adabu. Angalia safu za nyuma dakika ya tano ya mada: simu ziko juu au chini? Angalia kama kuna anayechungulia chupa. Dalili ya kushindwa huja mapema zaidi: ukiita mara ya pili na jibu bado ni la robo ya ukumbi, acha. Usiite mara ya tatu. Nenda moja kwa moja kwenye mikono ya kulia na kushoto, umwite mtoa mada, uwe umetumia dakika mbili. Niliwahi kung'ang'ania, ikawa dakika kumi na mbili za mimi kutokwa jasho, na mtoa mada akalazimika kukata theluthi ya slaidi zake. Hakuninunia, lakini hakuniomba tena.

Kwa mada nyingine, tafuta chupa yake. Fundi wa maji aliniletea glasi mbili za maji meupe pe, moja ya kisima kisichotibiwa, akauliza ukumbi ungekunywa ipi. Mhasibu alileta risiti mbili, moja ya kughushi, zikapita safu kwa safu. Kitu kiwe kidogo, kionekane mpaka safu ya mwisho, au kama hakionekani, kipite mikononi. Na jibu lake lisipatikane kabla ya mtoa mada kusimama.

Siku ya tatu usirudie mchezo ule ule. Mimi nilianza kwa kumwita yule mama wa safu ya nne, nikamwambia Dodoma yake nimeitumia vizuri na sasa nairudisha. Akasimama, hakuichukua. Akanitazama, akasema, "Kitendawili!" Ukumbi mzima ukaitikia kabla yangu. "Wanangu wote wana ndevu, nami mama yao sina." Nikajaribu mara mbili. Wakapiga kelele nitoe mji, nikampa Morogoro, naye akakaa bila kutaja jibu mpaka mtoa mada wa siku hiyo, mwenye mbegu za mahindi, alipopanda jukwaani na gunzi mkononi.